Je, wajua? SD ya pailoti nayo inayumba, tena kwa kawaida inayumbia chini

"Nimefanya pailoti ya mizabibu 10 huku Hombolo, SD imetoka kilo 2 kamili. Si naichukua hiyo 2 naiweka kwenye fomula ya sampuli basi? Kwa nini msimamizi kanirudishia propozo?"

Kwa sababu hiyo 2, yaani kipimo cha mavuno yanavyoyumba mzabibu kwa mzabibu, umeipata kwenye mizabibu 10 tu, na kwa mizabibu 10 SD ya kweli ya shamba inaweza kuwa 1.4 au hata 3.7. Fomula yenyewe haijui hilo, inakupa jibu moja kavu na wewe unaliamini.

Tuanze na fomula maana ndiyo inayokuza tatizo. Tuseme unalinganisha namna mbili za kupogolea, na unataka uweze kugundua tofauti ya kilo 1.5 kwa mzabibu, kwa nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo, na kiwango kile cha kawaida cha kosa cha asilimia 5. Hesabu ya haraka ya kila kundi ni hii:

```
n = 16 * SD^2 / d^2
```

Weka SD 2 na d 1.5, inakuja 28.4, yaani mizabibu 29 kila kundi. Sasa angalia hapo SD imepigwa mraba, kwa hiyo ukikosea SD kidogo sampuli inakosea sana. SD ikiwa kweli ni 1.4 ungehitaji mizabibu 14, ikiwa ni 3.65 ungehitaji 95. Kutoka 14 mpaka 95, wote ni watoto wa pailoti ileile moja!

Wengi hapa hujitetea hivi: sawa, SD ya pailoti inakosea, lakini mara inakosea juu mara inakosea chini, mwisho wa siku ngoma droo. Hapana, na hapa ndipo pana utamu wenyewe. Kwa pailoti ndogo, kukosea chini ni kwingi kuliko kukosea juu. Ukifanya pailoti 100 za mizabibu 10 kwenye shamba lilelile, na mavuno yakiwa na ule mgawanyo wa umbo la kengele, kama 56 hivi zitakupa SD ndogo kuliko ya kweli. Zile 44 zilizobaki zinakosea juu, ila zikikosea zinaruka mbali zaidi, na ndo maana ukichukua wastani wa mraba wa SD unakuta uko sawasawa kabisa kama vitabu vinavyosema. Vitabu havijadanganya, shida ni kwamba wewe huna pailoti 100, unayo moja.

Kwa nini inaegemea chini? Fikiria mvua ya Dodoma. Mtu aliyehamia mjini akakaa misimu mitatu anaweza kukwambia mvua ya hapa kwa kawaida ikoje na asiwe mbali sana na ukweli. Lakini muulize inayumba kiasi gani, hapo anategemea kama miaka yake imeangukia ule mwaka wa ukame uliokausha mtama wote au ule wa mafuriko, na miaka ya namna hiyo ni michache, kwa hiyo wageni wengi watakwambia hali ya hapa imetulia kuliko ilivyo. Yule mmoja aliyeangukia ukame ndiye atakayekwambia huku ni balaa tupu. SD inafanya kazi hivyohivyo: inapima umbali wa kila mzabibu kutoka wastani, inapiga mraba, kwa hiyo wachache walio mbali ndio wanaobeba mzigo mkubwa, na sampuli ndogo mara nyingi inawakosa.

Tuone kwa namba. Tuseme mizabibu yako 10 ilitoa kilo 3, 4, 5, 5, 6, 6, 6, 7, 8 na 10. Wastani 6, SD 2. Sasa ule wa kilo 10 ungekuwa umeliwa na ndege kabla hujapima, ukabaki na tisa. SD inashuka mpaka 1.51, na fomula inakwambia mizabibu 17 kila kundi badala ya 29. Mzabibu mmoja tu!

Ile mipaka ya 1.4 na 3.7 inatoka kwenye mgawanyo wa kai-skweya, na kwenye R ni mistari michache:

```r
x <- c(3,4,5,5,6,6,6,7,8,10)
s <- sd(x)
s * sqrt(9 / qchisq(c(0.975, 0.025), 9))
s * sqrt(9 / qchisq(0.20, 9))
```

Mstari wa tatu unatoa 1.38 na 3.65, ndiyo mipaka ya uhakika wa asilimia 95. Ona isivyolingana pande mbili, chini umbali ni 0.6 tu, juu ni 1.65. Mstari wa mwisho unatoa 2.59, na huo ndio wa kupelekea msimamizi. Ni mpaka wa juu wa asilimia 80, njia aliyoitetea Richard Browne mwaka 1995: usitumie SD kama ilivyotoka, tumia mpaka wake wa juu, ili katika pailoti nne kati ya tano uwe umeifunika SD ya kweli. Usichanganye asilimia 80 hii na ile ya nguvu, zimegongana tu. Ukiweka 2.59 kwenye fomula inatoka mizabibu 48 kila kundi. Najua inauma, kutoka 29 mpaka 48. Ila ukibaki na 29 halafu SD ya kweli ikawa hiyo 2.59, nguvu yako inashuka mpaka karibu asilimia 59, unakaribia kurusha shilingi.

Ukiwa na bajeti ya pailoti kubwa, mizabibu 30 yenye SD hiyohiyo 2 inakupa mipaka ya 1.6 mpaka 2.7, na mpaka wa juu wa asilimia 80 ni 2.27, sampuli inakuwa 37. Kwa hiyo pailoti kubwa hapa inajilipa yenyewe, umeongeza mizabibu 20 na umeokoa 11 kwa kila kundi, yaani 22, ila faida ni ndogo, piga hesabu kwanza.

Lakini hesabu yote hii ina masharti yake. Kai-skweya inadai lile umbo la kengele, na mavuno yakiwa na mizabibu michache inayozaa kupita kiasi, mipaka ya kweli ni mipana kuliko inavyoonekana hapo. Halafu kubwa zaidi, mizabibu yako yote 10 ni ya shamba moja. Utafiti mkubwa ukienda mpaka Mpunguzi na Makutupora, utakuta tofauti ya shamba kwa shamba ambayo pailoti yako haikuiona hata kidogo, na hapo hakuna mpaka wa juu utakaokuokoa. Tofauti hiyo ikiwa nayo na SD ya kilo 2, jumla haiwi 4, ni mzizi wa 4 + 4, kama 2.83. Bora hao 10 wangetoka mashamba matano, wawili wawili, ingawa nauli itapanda.

Na kuna ujanja mwingine ambao msimamizi anaweza kuukubali kama hataki kusikia 48: andika kwenye propozo kwamba ukifika nusu ya mavuno utapima SD upya bila kuangalia mzabibu upi ulipogolewa vipi, halafu uongeze sampuli kama itahitajika. Iandike kabla hujaanza, siyo baada ya kuona matokeo.