Mvinyo wa "asili" haujaahidi kukuepusha na maumivu ya kichwa

Nauza mvinyo, na karibu kila wiki mteja huniambia: "Nipe ule wa asili, hauna salfaiti, hauumizi kichwa." Nimechoka kusikia kauli hiyo, hasa kwa sababu wanaoiamini hulipa bei ya juu kwa jambo ambalo chupa haikuwaahidi.

Kwanza, salfaiti ni kemikali inayozuia mvinyo usiharibike, na mvinyo usio nayo hata chembe ni nadra mno. Chachu yenyewe huizalisha inapogeuza sukari ya zabibu kuwa kileo. Ndiyo maana mtengenezaji asiyeongeza chochote bado anaweza kulazimika kuandika kwamba chupa ina salfaiti, kwani sheria ya Ulaya inataka hivyo ikizidi miligramu 10 kwa lita.

Kuhusu kichwa, tazama viwango vya salfaiti vya Ulaya. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, unaruhusiwa hadi miligramu 150 kwa lita, mweupe mkavu hadi 200. Lakini wateja wangu wote wanaolalamika hulalamikia mwekundu! Kama salfaiti ndiyo ingekuwa na hatia, mweupe ungetangulia kushtakiwa. Sasa piga hesabu. Glasi ya mililita 150, ya mvinyo wenye miligramu 100 kwa lita, inakupa miligramu 15. Aprikoti zilizokaushwa, zile zenye rangi ya chungwa inayong'aa, zinaruhusiwa kuwa na hadi miligramu 2,000 kwa kilo, kwa hiyo gramu 30 tu zinaweza kukupa miligramu 60. Ukizila na kichwa kikatulia, acha kuisingizia salfaiti.

Mwenye pumu ni suala jingine. Baadhi yao salfaiti huwabana kifua kweli, na hao ndio wasiotakiwa kabisa kuliamini neno "asili". Waulize kiasi kwa tarakimu, na wakikosa jibu waiache chupa. Sisi wengine tuanze na kileo chenyewe: mvinyo wa asili wenye asilimia 13.5 una kileo kilekile cha mwenzake wa kiwandani. Kula kwanza, na kila glasi ifuatane na glasi ya maji. Ushauri huo nautoa kila siku na wachache huufuata.

Basi neno "asili" kwenye lebo linamaanisha nini? Katika sheria za Umoja wa Ulaya, mvinyo wa asili hauna tafsiri rasmi. Ufaransa ndiko kuna kitu cha kushika: tangu 2020 kuna alama ya hiari iitwayo Vin Méthode Nature. Anayeitumia lazima awe na zabibu zenye cheti cha kilimo hai, zilizochumwa kwa mkono, na zichachuke kwa chachu iliyomo kwenye zabibu zenyewe, bila viongezo. Alama ziko mbili: moja ya mvinyo ambao haukuongezwa salfaiti, nyingine ya ule wenye chini ya miligramu 30 kwa lita. Usizichanganye. Cheti cha kilimo hai peke yake hakitoshi, maana mwekundu mkavu wenye cheti hicho Ulaya bado unaweza kufika miligramu 100. Kwa mvinyo wa Ulaya uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023, viambato lazima vitajwe, mara nyingi kupitia msimbo wa kuskani. Toa simu, skani, soma.

Mvinyo wa chungwa nao hautokani na machungwa. Ni zabibu nyeupe zilizoachwa zichachuke pamoja na maganda yake, nayo ndiyo yanayotoa rangi na ule ukakasi unaoshika ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Huko Jojia hukaa kwa miezi ndani ya mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini, iitwayo kvevri. Afrika Kusini, ambako chupa nyingi za madukani kwetu hutoka, iliupa daraja lake rasmi mwaka 2015, na sharti mojawapo ni kukaa na maganda angalau siku 4. Lakini hiyo ni njia ya kutengeneza tu. Chachu ya dukani na salfaiti vinaweza kutumika humo pia, hivyo rangi haithibitishi uasili wowote. Na tafadhali usiugandishe kwenye friji: nyuzi 12 hadi 14 zinautosha, baridi kali huzidisha ukakasi.

Mwisho, wapo wanaovumilia mvinyo ulioharibika kwa kuambiwa "ndivyo asili ilivyo". Mvinyo usio angavu au wenye mashapo hauna neno. Harufu ya siki au ya kiondoa rangi ya kucha ikitawala glasi, hiyo ni hitilafu. Ipo nyingine inayojificha, na huupata zaidi mvinyo usioongezwa salfaiti: puani hunusi kitu, ila sekunde chache baada ya kumeza, mate yakishapunguza ukali wa asidi, mdomo unajaa ladha ya kizimba cha panya. Wengine hawaihisi kabisa, kwa hiyo muuzaji anaweza kukukatalia kwa nia njema. Mwombe mwenzake aonje, asubiri kidogo, kisha rudisha chupa.