Mkanda wa korona unatoa mstari? Usikimbilie kulaumu picha

Jamani, mi nipo hapa Tanga natengeneza gemu ya kiwanda cha mkonge, majani yanapanda kwenye mkanda yanaingia korona, ile mashine ya kukamua majani yatoe nyuzi, na huu mkanda ndo umenionyesha kwamba mengi tunayoambiana kuhusu kusogeza UV, zile namba zinazosema sehemu gani ya picha ikae wapi, siyo kweli.

Watu wanasema ukiona kamstari kembamba kanakatiza mkanda na kanatembea nao, basi picha yako haijaungana vizuri. Nilichora upya ile picha mara tatu, mstari ukabaki palepale! Kosa lilikuwa hili:

```
vec2 uv = fract(v_uv + vec2(0.0, u_time * speed));
```

Hapo `fract` inabakiza desimali tu, kwa hiyo inafanya UV iruke toka 0.99 mpaka 0.01 kati ya pikseli mbili zinazopakana, na GPU inachagua saizi ya mipmap, zile nakala ndogo ndogo za picha, kwa kuangalia UV imebadilika kiasi gani toka pikseli moja hadi ya jirani, kwa hiyo inadhani picha imebanwa sana pale, inachukua mipmap ndogo kabisa ambayo ni rangi tupu ya wastani, na huo ndo mstari wenyewe. Zima mipmap kidogo uone, ukipotea jua ni `fract`, ukibaki ndo urudi kwenye picha.

Wengine wanasema basi toa `fract`, acha muda uongezeke tu. Kwenye kompyuta utaona poa, ila simu nyingi zinatumia `mediump` ya biti 16, na namba ikishapita 64 inaweza kusogea kwa hatua za 1/16 tu. Mkanda wangu unaenda vipande kama 2 kwa sekunde, kipande ni picha moja nzima, kwa hiyo hata dakika haiishi unaanza kushtukashtuka, maana kwa picha ya pikseli 256 kila hatua ni pikseli 16. Dawa ni kukata offset, yaani kiasi picha ilichosogea, nje ya sheda:

```
offset = (offset + speed * dt) % 1.0
```

Halafu sheda inajumlisha tu, na tekcha iwe `repeat`. Maji au lava yenye tabaka mbili, kila tabaka iwe na offset yake, ukikata muda badala ya offset, tabaka ya spidi 0.3 itaruka kila mara muda unaporudi sifuri.

Kuna na hii ya "picha kuvutika ni kwa sababu ya spidi". Spidi haivuti kitu, kinachovuta ni UV ambazo hazikupimwa kwa urefu halisi wa mkanda, hasa pale unapozunguka puli. Wangu una mita 6 juu na 6 chini, puli mbili za kipenyo cha 0.4, nusu duara mbili zinatoa 1.257, jumla mita 13.257. Kipande cha nusu mita kinaingia mara 26.5, hiyo nusu ndo itakukata pale mkanda unapojiunga, kwa hiyo nikaweka 26 kamili, kila kimoja kikawa mita 0.51, hiyo tofauti ya asilimia 2 jicho haliioni. Majani yanaenda mita 1 kwa sekunde, basi `speed` ni 1 gawanya kwa 0.51, yaani 1.96, na sasa jani limekaa juu ya mkanda halitelezi.