Visanduku vya kutiki navyo vinaelekeza: dhana potofu kuhusu maswali ya kipato cha kaya

Kila msimu wa tasnifu ukifika naletewa madodoso ya kupitia, na karibu yote yana swali la kipato lililoandikwa kwa namna ileile. Ukimwuliza mwenyewe kama amelipima, jibu ni lilelile: "Hili ni swali funge, halimwelekezi mtu." Nimelisikia kwa wanafunzi wa uzamili, kwa maofisa tathmini wa miradi, na hata kwa watu waliokwisha kukusanya takwimu wilaya nzima. Nimechoka kulijibu mdomoni, kwa hiyo naliandika.

Dhana: Swali lenye machaguo haliwezi kumwelekeza mhojiwa

Swali lenyewe huwa hivi: "Kipato cha kaya yako kwa mwezi ni kiasi gani? (a) Chini ya 100,000 (b) 100,000–300,000 (c) 300,000–500,000 (d) Zaidi ya 500,000." Mtafiti analitazama, haoni neno la kushawishi, anaridhika. Anasahau kwamba machaguo nayo ni sehemu ya swali, na mhojiwa anayasoma kama anavyosoma maneno mengine. Anachukulia kwamba aliyeyaandika anajua watu wanapata kiasi gani, kwamba katikati ndipo walipo wengi, na kwamba pembeni ni kwa maskini hohehahe au matajiri. Basi mtu asiye na hesabu kamili kichwani anajipima kwa orodha yako: "Sisi ni watu wa kawaida tu, andika b."

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1985 Norbert Schwarz na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Ujerumani kuhusu muda wa kutazama televisheni kwa siku. Kundi moja lilipewa machaguo yaliyoanzia "hadi nusu saa" na kuishia "zaidi ya saa mbili na nusu". Kundi jingine lilipewa yaliyoanzia "hadi saa mbili na nusu" na kuishia "zaidi ya saa nne na nusu". Katika kundi la kwanza, asilimia 16.2 walisema wanatazama zaidi ya saa mbili na nusu. Katika la pili walikuwa asilimia 37.5. Swali lilikuwa lilelile, kilichobadilika ni visanduku tu. Kama televisheni, ambayo haina aibu wala hofu ya kodi, inayumba kiasi hicho, pesa za nyumbani je?

Kwa kipato cha kaya tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu jibu halipo tayari kichwani mwa mtu. Analitengeneza palepale mbele ya mdadisi. Chukua kaya ya mama lishe pale Ifakara. Anauza kwa siku 30,000, na mchele, maharage, mafuta na mkaa vinamla 22,000, kwa hiyo kinachobaki ni 8,000. Kwa siku 24 za mwezi ni 192,000. Mwanawe anaendesha bodaboda ya mtu, na akishatoa hesabu ya tajiri na mafuta anabaki na 7,000 kwa siku, siku 26, yaani 182,000. Mpunga waliouza baada ya mavuno uliacha 600,000 baada ya kutoa gharama, sawa na 50,000 kwa mwezi. Kuna chumba kimoja wamepangisha kwa 40,000, lakini mpangaji hulipa miezi sita kwa mkupuo. Jumla ni 464,000.

Mwulize mama huyu swali lile la juu. Atafikiria genge lake, aseme "kama laki mbili hivi", na utaweka tiki kwenye (b). Bodaboda si pesa yake, mpunga ulishauzwa miezi mingi iliyopita, na kodi ya chumba haikuja mwezi huu. Umepoteza zaidi ya nusu ya kipato bila mtu kudanganya. Siku nyingine angeweza pia kukutajia mauzo badala ya faida, ukampandisha hadi (d). Na aliyepata 300,000 kamili umtie wapi, (b) au (c)?

Dawa ni kuanza na maswali ya wazi wakati wa majaribio. Tafuta kaya 30 au 40 nje ya sampuli yako lakini zinazofanana nayo, uliza chanzo kimoja kimoja: biashara, vibarua, mshahara, mazao, mifugo, kodi ya pango, pesa zinazotumwa na ndugu. Kila chanzo kiwe na kipindi chake: biashara ndogo kwa siku au wiki, mazao kwa msimu uliopita. Uliza mauzo peke yake na gharama peke yake, kisha hesabu ya mwezi uifanye wewe, si mhojiwa. Panga majumla kutoka dogo hadi kubwa, yagawe mafungu matano yenye kaya karibu sawa, na mipaka uisogeze kwenye tarakimu ambazo watu wanazitamka. Hapo machaguo yako yatakuwa yametoka kwa watu, hayakutoka kichwani kwako. Mipaka isigongane: moja liishie 299,999 na linalofuata lianzie 300,000. Usiyape majina kama "kipato cha chini". "Sijui" na "sipendi kusema" ziwe na namba mbili tofauti kwenye dodoso, maana ni majibu mawili tofauti.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila mtu: machaguo yawekwe kwenye kadi, mhojiwa ataje herufi tu, na herufi zisifuate mpangilio. Utafiti wa Jamii wa Ulaya hufanya hivyo. Kadi yake ya kipato huanza na J, R, C. Jirani aliyeketi kibarazani akisikia "R" hajui ni nyingi au kidogo.

Kadi nzuri haiponyi kila kitu. Kama lengo lako ni kulinganisha wastani wa kipato kabla na baada ya mradi, mafungu hayatakutosha. Baki na tarakimu za kila chanzo, na kadi uitumie kwa waliokataa kutaja.

Dhana: Swali la wazi ni salama kwa sababu mtu anajieleza

"Eleza jinsi kupanda kwa bei kulivyoathiri kipato cha kaya yako" ni swali la wazi, na limeshaamua kwamba kipato kimeathirika. Muuza mafuta aliyefaidika na bei hizo hana pa kujibia. Andika: "Ukilinganisha na mwaka jana wakati kama huu, kipato cha kaya yako kimeongezeka, kimepungua au kimebaki vilevile?" Kisha ndipo uliulize la wazi: "Ni nini kimesababisha?"

Dhana: Mkuu wa kaya anajua yote

Hajui. Waulize wenye vyanzo wenyewe, kila mmoja peke yake pale inapowezekana.

Dhana: Utangulizi si sehemu ya swali

"Utafiti huu unalenga kusaidia kaya zenye hali ngumu." Ukishasoma sentensi hiyo umeshashusha majibu yote yanayofuata, kwa kuwa watu wataona orodha ya TASAF inaandikwa. Sema takwimu ni za nini, sema hakuna atakayepewa wala kunyimwa kitu kwa jibu lake, na hakikisha ni kweli.

Dhana: Dodoso likishapitishwa, maneno yamelindwa

Mdadisi akiona mhojiwa anasita, anaongeza yake: "Hata laki moja hamfikishi?" au "Laki mbili tu?" Kila moja linavuta jibu upande wake. Kwa hiyo maneno ya kudadisi nayo yachapwe chini ya swali, mawili yanatosha: "Chukua muda wako ukumbuke" na "Kuna pesa nyingine iliyoingia kutoka chanzo hiki?" Siku ya mafunzo wadadisi wayasome kwa sauti, na wiki ya kwanza msimamizi akae kwenye mahojiano machache akiwa na dodoso mkononi, aweke alama kila neno lililoongezwa.