Jarife Lilichanwa, na Nani? Kauli ya Kutendwa katika Barua za Kiingereza

Barua nyingi za malalamiko zinazofika kwenye dawati letu hapa Lamu huandikwa kwa Kiingereza, na zile tunazolazimika kuzirudisha kwa wenyewe ili wazifafanue zina kasoro inayofanana: zinaeleza kilichotendwa bila kusema aliyekitenda. Hatuamini kwamba waandishi wanaficha jambo. Tatizo liko katika kauli ya kutendwa, ambayo wengi wetu tulifundishwa kwamba ndiyo sauti ya heshima ya kiofisi. Kabla ya kuieleza ni lazima turudie jambo ambalo tumelisema barazani mara nyingi: Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hiyo barua ya Kiswahili haipungui uzito hata kidogo. Maelezo yanayofuata ni ya yule aliyechagua kuandika Kiingereza, na hayabadilishi utaratibu wowote wa kuwasilisha lalamiko.

Tuchukue barua ya mfano ya mvuvi wa upande wa Pate, ambaye jarife lake limepitiwa na boti usiku. Ameandika hivi: "My net was tore at night. It was happened near the channel. I was torn another net last year. The matter was reported on Monday." Sentensi ni nne, na kila moja ina la kutufunza.

Katika sentensi ya kwanza, kosa liko kwenye umbo la kitenzi. Kiswahili hutuzoesha kuacha wakati mahali pake na kugusa mwisho wa kitenzi tu: "walilichana" huwa "lilichanwa", "watalichana" huwa "litachanwa", na viambishi -li- na -ta- havihami. Kiingereza hufanya kinyume. Kitenzi kikuu hugandishwa katika umbo lake la tatu, ambalo kwa "tear, tore, torn" ni "torn", kisha mzigo wote wa wakati huhamia kwenye kitenzi kisaidizi "be". Ndiyo maana "was tore" haiwezekani: wakati uliopita umeshabebwa na "was", na "tore" inaubeba mara ya pili.

Ukilishika hilo, nyakati zilizobaki ni suala la kubadilisha "be" peke yake. Jarife ambalo huchanwa kila msimu "is torn", lililochanwa jana "was torn", na litakalochanwa "will be torn". Likiwa linachanwa wakati huu huu, "is being torn". Na kama lilikuwa likichanwa mwenyewe alipotokea, "was being torn". Likiwa limechanwa, "has been torn". Na kama lilikuwa limeshachanwa kabla hajafika, "had been torn". Masikio yetu husikia "being" na "been" karibu sawa, na hapo ndipo "has being torn" inapozaliwa. Kipimo ni chepesi: "been" hufuata "has", "have" na "had", ilhali "being" hufuata "is", "are", "was" na "were". Baada ya "will", "can" au "must", kisaidizi hubaki "be" tupu.

Sentensi ya pili, "It was happened", ni kosa la aina nyingine, na ndilo tunalokutana nalo zaidi. Kiingereza hukubali kauli ya kutendwa pale tu kitenzi kinapoweza kuchukua mtendwa. Hakuna mtu anayeweza "kutokea kitu", kwa hiyo "happen" haina kutendwa, wala "die", "arrive" na "disappear" hazina. Lugha yetu ina uhuru mkubwa zaidi, kwani twasema "amefiwa na babake" na "tulinyeshewa na mvua", maneno yaliyojengwa juu ya vitenzi visivyo na mtendwa, na kila msikilizaji huelewa. Kwa Kiingereza, aliyefiwa hana budi kuandika "My father died".

Uhuru huohuo ndio uliomponza mwandishi katika sentensi ya tatu. Alikuwa na "nilichaniwa jarife jingine" moyoni, kauli ya kutendewa, ambayo humweka mwenye hasara mbele ya sentensi. Kiingereza hakina kiambishi cha kumfanyia hivyo, na "I was torn" humfanya mvuvi mwenyewe kuwa ndiye aliyechanika. Mbele lazima kikae kitu kilichopata madhara: "Another net of mine was torn last year." Vitenzi vichache humkubali mtu moja kwa moja, kama vile "give", "tell", "pay" na "send", na hapo "nilipewa risiti" huwa "I was given a receipt" bila tatizo.

Sentensi ya nne haina kosa lolote la sarufi, na hiyo ndiyo inayotutia taabu kuliko zote. "The matter was reported on Monday": nani aliripoti, na kwa nani? Huenda mvuvi alikwenda kituo cha polisi, huenda alimweleza chifu, huenda jirani yake alipiga simu. Kila njia ina rejista yake, na afisa hawezi kufuatilia rejista asiyoijua. Hapa sentensi ya kutenda ni bora bila shaka yoyote: "I reported the matter to the police on Monday and was given an OB number." Sehemu ya pili imebaki katika kutendwa kwa haki, kwa sababu kinachotafutwa hapo ni ile nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, wala si jina la askari aliyeiandika. Nambari yenyewe iandikwe kamili pamoja na tarehe, kwa sababu kumbukumbu hutafutwa kwa vitu hivyo viwili.

Wako wanaodhani kwamba ushauri huu unawataka wamtaje mtu kwa vyovyote vile. Hapana. Anayempa mtumishi wa umma habari ambazo anajua au anaamini kuwa ni za uongo anaweza kushtakiwa chini ya Kifungu cha 129 cha Sheria ya Adhabu, ambacho kimeweka kifungo cha hadi miaka 3. Ikiwa hukuona kitu, "My net was torn at night" ndiyo sentensi ya kweli, na iache hivyo. Lakini ikiwa uliona boti bila kuona nambari yake, usirudi kwenye kutendwa eti kwa kuwa hujui jina la nahodha. Mtenda wa sentensi anaweza kuwa boti.

Barua yetu basi ingesomeka hivi: "On Sunday night a boat passed over my net near the channel and tore it. I did not see its number. Another net of mine was torn there last year, but I did not see how. I reported this matter to the police on Monday." Chini yake iwekwe nambari ya OB. Afisa anayeisoma anajua alichokiona mvuvi na asichokiona, na anajua aanzie rejista gani.

Ofisi nazo huandika "Your complaint has been received and will be considered", sentensi iliyo sahihi kabisa kisarufi, ambayo haimtaji atakayelifikiria lalamiko hilo. Ukiletewa jibu kama hilo, lijibu kwa sentensi ya kutenda: "Which officer will consider my complaint, and when?"