Keshibeki na pointi: hesabu iko kwenye nyongeza

Kadi ya uaminifu ni mpango ambao muuzaji huweka kumbukumbu ya manunuzi yako kisha akakurudishia sehemu ndogo ya ulichotumia. Akikurudishia kwa pointi, unazikusanya mpaka zifike idadi fulani ndipo uzibadilishe kwa vocha au bidhaa. Akikurudishia pesa yenyewe, hiyo ndiyo keshibeki. Majina ni mengi, lakini kinachoamua kama umepata au umepoteza ni kimoja: manunuzi ambayo usingeyafanya kama kadi isingekuwepo. Hapa nitayaita nyongeza.

Kwanza ondoa ukungu wa pointi. Chukua mpango unaotoa pointi 1 kwa kila 100 unazotumia, na pointi 500 zinakupa vocha ya 250. (Namba zote humu zisome kwa fedha unayotumia wewe.) Ili ufikishe pointi 500 lazima utumie 50,000. Umetumia 50,000 ukapewa 250, yaani nusu ya asilimia moja. Pointi 500 zinasikika kama mali. Nusu ya asilimia haisikiki hata kidogo, na ni kitu kilekile. Nadhani ndiyo maana mipango mingi inapenda kuhesabu kwa pointi. Tena vocha si sawa na pesa taslimu: mara nyingi inatumika kwa muuzaji yuleyule, ina tarehe ya mwisho, na pointi usizozitumia kabla ya tarehe hiyo zinabaki kwake.

Sasa linganisha asilimia hiyo na nyongeza. Tuseme kadi yako ni nzuri kuliko ya hapo juu na inarudisha asilimia 2. Kwa mwezi ulikuwa unatumia 10,000, hivyo unarudishiwa 200. Ukishawishika kununua kitu kimoja cha 200 usichokihitaji, umerudishiwa 4 zaidi juu yake, na faida yote ya mwezi imebaki hiyo 4. Kwa maneno mengine, kadi ya asilimia 2 inamezwa na ongezeko la takribani asilimia 2 katika matumizi yasiyo na maana. Hilo ni ongezeko dogo mno kulihisi. Hakuna mtu anayekumbuka kwamba mwezi huu alitumia 10,200 badala ya 10,000, ila ujumbe wa kumpongeza kwa 204 alizorudishiwa anaukumbuka vizuri.

Palipo na mtego mkubwa zaidi, na pia nafasi halisi ya kufaidika, ni kwenye ofa za kizingiti: fikisha kiasi fulani upewe zawadi. Una bidhaa za 4,200 kwenye kikapu, na ofa inasema ukifikisha 5,000 utarudishiwa 400. Wengi hugawanya 400 kwa 5,000 na kusema wamepata punguzo la asilimia 8. Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu zile 4,200 ungezitumia hata hivyo. Uamuzi ulio mbele yako ni wa 800 zilizobaki. Unatoa 800 na kurudishiwa 400, basi kwa kweli unanunua bidhaa za 800 kwa 400. Swali linakuwa jepesi: je, ningekubali kutoa 400 kwa hivi vitu ninavyoongeza? Kama ni sabuni ambayo ungeinunua mwezi ujao kwa bei ileile, umeokoa 400 kamili. Kama ni pambo ambalo hata kwa 100 usingelitaka, umepoteza zaidi ya 300, ingawa risiti itaonyesha umepewa zawadi.

Ofa hiyohiyo inabadilika sura kikapu kikiwa na 2,600. Sasa unahitaji kuongeza 2,400 ili urudishiwe 400, kwa hiyo unalipa 2,000 kwa bidhaa za 2,400. Punguzo kwenye nyongeza limeshuka kutoka nusu hadi karibu asilimia 17. Hapo ongeza tu vitu ambavyo una hakika utavinunua, na ambavyo havitaharibika. Hata kwa hivyo kuna tahadhari moja: kitu kikiwa kingi ndani ya nyumba hutumika haraka. Ukinunua vya miezi miwili vikaisha kwa mwezi na nusu, sehemu ya ulichookoa imekwenda.

Soma pia zawadi inakuja kwa namna gani. Kama zile 400 ni vocha ya wiki mbili inayokubaliwa tu kwenye manunuzi ya kuanzia 3,000, na hukuwa na mpango wa kutumia 3,000 katika wiki hizo, thamani yake kwako inakaribia sifuri. Ni mwaliko wa nyongeza nyingine.

Kwa nini watu makini wananasa? Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio lililofanyika kwenye sehemu ya kuoshea magari. Wateja 300 walipewa kadi za mihuri. Nusu walipata kadi ya mihuri 8. Nusu nyingine ya mihuri 10, lakini miwili ikiwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ilikuwa sawa kwa wote, kuosha gari mara 8 ili moja iwe ya bure. Kati ya waliopewa kadi tupu, asilimia 19 walimaliza. Kati ya walioanzishiwa, asilimia 34, na siku walizoachanisha kati ya kuosha na kuosha zilipungua kadiri mwisho ulivyokaribia. Hisia ya kwamba umeshaanza inatosha kukusukuma. Ndiyo kazi ya pointi za makaribisho na ule mstari unaojaa kidogokidogo kwenye simu ukikuambia umebakiza kidogo tu.

Kadi ya mkopo yenye keshibeki haihitaji maneno mengi. Ikirudisha asilimia 1 na ukaacha deni lilale kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, mwezi wa kwanza tu umelipa mara tatu ya ulichopewa. Keshibeki hiyo ina maana kwa anayelipa deni lote kila mwezi, si kwa mwingine.

Kujua upande wako, usitegemee kumbukumbu. Chukua risiti au taarifa za miezi mitatu kabla ya kujiunga na mitatu baada, kwa aina ileile ya manunuzi, ukiepuka miezi ya sikukuu. Tafuta wastani wa kila upande, kisha utoe ongezeko linalotokana na bei kupanda, kwa kuangalia bidhaa chache ulizonunua vipindi vyote viwili. Ongezeko lililobaki lilinganishe na kilichorudishwa. Tuseme wastani ulikuwa 9,500 na sasa ni 10,300. Bei zimeeleza 300, hivyo nyongeza ni 500, na ulirudishiwa 206. Pitia risiti ukatafute hizo 500. Zikiwa zimehamia tu kutoka duka jingine, si nyongeza, na kadi inakulipa, mradi bei huku si kubwa kuliko kule. Zikiwa ni vitu vilivyokaa kabatini bila kuguswa, kadi inakugharimu karibu 300 kila mwezi, na pointi zilizopo zitumie kwenye manunuzi yako ya kawaida yajayo kabla hujaiweka kando.