Kiti kimoja, namba mbili: kujua idadi ya watu baada ya wawili kubadilishana nafasi

Nafundisha maswali ya mantiki kwa watu wanaojiandaa na mitihani ya usaili. Kuna swali moja ambalo kila nikiliandika ubaoni, najua kabisa jibu litakalotangulia kutoka midomoni. Ni hili:

Watu wamekaa kwenye mstari mmoja. Asha ni wa 8 kutoka kushoto, na Juma ni wa 17 kutoka kulia. Wakabadilishana nafasi, Asha akawa wa 14 kutoka kushoto. Mstari una watu wangapi?

Jibu linalotangulia ni 24. Mtu amekumbuka kwamba hujumlishwa namba ya kushoto na ya kulia, kisha hutolewa moja, basi akafanya 8 + 17 − 1. Kanuni yenyewe ni sahihi, ila imetumika pasipo pake.

Tuone kwanza inatoka wapi. Chora nukta tano kwenye karatasi. Nukta ya 2 kutoka kushoto ni ya 4 kutoka kulia. Ukijumlisha unapata 6, ilhali nukta ni tano, kwa sababu nukta hiyo umeihesabu ulipotoka kushoto, ukaihesabu tena ulipotoka kulia. Ndiyo maana tunatoa 1. Lakini angalia: namba zote mbili ni za nukta ileile. Kanuni haifanyi kazi kwa namba za watu wawili waliokaa mahali tofauti.

Sasa rudi kwenye lile 24, ukalijaribu. Kama watu ni 24, aliye wa 17 kutoka kulia ni wa ngapi kutoka kushoto? 24 − 17 + 1 = 8. Lakini wa 8 kutoka kushoto ni Asha! Maana yake jibu la 24 limemkalisha Juma juu ya Asha kwenye kiti kimoja. Kila ukijumlisha namba mbili za mwanzo utafika hapohapo, hata swali liwe na namba gani, kwa kuwa umewachukulia watu wawili kana kwamba wako mahali pamoja.

Njia ninayoipenda ni kuacha kuwatazama watu na kutazama viti. Chukulia kwamba viti vimepigiliwa misumari sakafuni. Asha na Juma wanapobadilishana, wanahama wao, viti havisogei. Asha amekwenda kukaa kwenye kiti cha Juma. Kiti hicho tangu mwanzo kilikuwa cha 17 kutoka kulia, na sasa kupitia Asha tumejua kwamba ni cha 14 kutoka kushoto. Hapo ndipo tuna namba mbili za kiti kimoja:

14 + 17 − 1 = 30

Watu ni 30. Wanafunzi wengi hapa hupata wasiwasi, kwa sababu ile 8 haijaguswa. Ni kweli, katika kutafuta jumla haihitajiki. Inahitajika swali likiendelea na kuuliza Juma sasa ni wa ngapi kutoka kulia. Yeye amekaa kwenye kiti cha Asha cha zamani, cha 8 kutoka kushoto, kwa hiyo ni wa 30 − 8 + 1, yaani wa 23.

Na hiyo 23 inatupa njia ya kuhakiki. Asha ametoka 8 hadi 14, amesogea hatua 6. Juma ametoka 17 hadi 23, naye hatua 6. Lazima zilingane, maana wamepita umbali uleule, kila mmoja kwa upande wake. Niliwahi kukutana na karatasi ya mazoezi yenye swali hilihili, iliyosema kwamba baada ya kubadilishana Asha akawa wa 14 kutoka kushoto na Juma akawa wa 22 kutoka kulia. Kiti kimoja kilitoa 14 + 17 − 1 = 30, cha pili kikatoa 8 + 22 − 1 = 29. Darasa lilihangaika kutafuta lilipokosea, kumbe swali lenyewe ndilo lililokuwa bovu.

Usishtuke namba mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani. Mtu aliyekuwa wa 15 kutoka kushoto anaweza kuwa wa 9 baada ya kubadilishana na aliye wa 20 kutoka kulia. Ni kwamba mwenzake alikaa kushoto kwake, basi. Jumla ni 9 + 20 − 1 = 28.

Kuna hali ambayo haina jibu: namba zote zikihesabiwa kutoka upande mmoja. Asha wa 8 kutoka kushoto, Juma wa 14 kutoka kushoto, wakabadilishana, Asha akawa wa 14. Hilo la mwisho tulikwisha kulijua. Hakuna kiti hata kimoja kilichohesabiwa kutoka kulia, kwa hiyo baada ya kile cha 14 mstari unaweza kukoma hapohapo au kuendelea kwa watu mia.