Kuchagua "Refunded" hakurudishi pesa: dhana potofu kuhusu marejesho kwenye duka la WooCommerce

Wiki iliyopita mwenye duka moja la nguo alinipigia simu akiwa na uchungu, kwa sababu mteja wake alikuwa akimwita mwizi ilhali yeye alikuwa amekwisha kurudisha pesa siku tisa nyuma. Nilimwuliza alizirudisha kwa njia gani. Alinijibu kwamba alifungua oda, akachagua "Refunded" kwenye orodha ya hali za oda, kisha akahifadhi. Jibu hilo nimelisikia kwa wenye maduka wengi mno, na kila mara kuna mnunuzi upande wa pili anayesubiri fedha ambazo hakuna aliyezituma.

Dhana: Oda ikiwekwa "Refunded", pesa hurudi kwa mteja na bidhaa hurudi stoo.

Ukweli ni kwamba hakirudi hata kimoja. Ukibadili hali ya oda kwa mkono, WooCommerce huandika rekodi ya marejesho ya kiasi chote kilichobaki kwenye oda, lakini haiwasiliani kabisa na mfumo wa malipo, na wala haigusi idadi ya bidhaa. Yenyewe huacha maelezo pembeni mwa oda, yasomekayo: "Order status set to refunded. To return funds to the customer you will need to issue a refund through your payment gateway." Maana yake ni kwamba pesa bado ziko kwako na unapaswa kuzirudisha kupitia mfumo wa malipo. Maelezo hayo yanaonekana waziwazi, na inanisikitisha kwamba watu huyapita bila kuyasoma.

Kinachoongeza madhara ni barua pepe. Kwa kuwa rekodi ya marejesho imeandikwa, mteja hutumiwa taarifa kwamba oda yake imerejeshewa fedha, isipokuwa uwe umeizima barua hiyo kwenye mipangilio. Basi anakagua akaunti yake leo, kesho na keshokutwa, haoni kitu, na ikiwa alilipa kwa kadi anaweza kwenda benki kuyapinga malipo hayo. Hapo mwenye duka ana kesi ya benki mkononi, stoo yake inaonyesha upungufu wa bidhaa ambayo iko rafuni, na hesabu zake zinaonyesha fedha zimetoka ilhali hazijatoka.

Njia iliyo sahihi huanzia chini ya orodha ya bidhaa ndani ya oda, penye kitufe cha "Refund". Tuchukue oda ya mashati 3 ya saizi tofauti, kila moja Sh 1,500, yenye kuponi ya asilimia 10 na nauli ya kupelekewa Sh 300. Mashati baada ya kuponi ni Sh 4,050, na mteja amelipa jumla ya Sh 4,350. Shati moja halikumtosha, amelirudisha, na limekaguliwa likaonekana ni zima. Ukibonyeza "Refund", kila mstari wa bidhaa hufunguka nafasi ya kujaza. Andika 1 kwenye idadi ya shati lile, na kiasi kitajijaza chenyewe kuwa Sh 1,350. Nafasi ya nauli iache wazi, kama masharti ya duka lako hayarejeshi nauli. Kisha tazama alama ya "Restock refunded items", ambayo huwa imewekwa tangu mwanzo: ikibaki, shati 1 litaongezeka kwenye saizi ileile iliyouzwa.

Mwisho kuna vitufe viwili, au kimoja, na hapa ndipo pa kutulia. Kitufe chenye neno "via" na jina la mfumo wa malipo hutuma agizo la kweli la kurudisha fedha. Agizo likikataliwa, utaona ujumbe wa kosa na rekodi haitabaki. Kitufe chenye neno "manually" huandika rekodi tu. Ukiona hicho cha pili peke yake, fahamu kwamba njia aliyolipia mteja haina uwezo wa kurejesha kutoka ndani ya duka, kama inavyokuwa kwa fedha taslimu na kwa baadhi ya viunganishi vya malipo ya simu. Kwa oda kama hizo ushauri wangu haubadiliki: tuma pesa kwanza, pata namba ya muamala, ndipo urudi kwenye oda na kuandika rekodi. Namba hiyo iandike kwenye nafasi ya sababu, ukikumbuka kwamba chochote unachoandika hapo mteja hukiona.

Baada ya hapo oda itaonyesha marejesho ya Sh 1,350 na salio la Sh 3,000, na hali yake haitabadilika kwa sababu marejesho ni ya sehemu tu. Kiasi chote kikirejeshwa kwa njia hii, oda hujigeuza "Refunded" yenyewe.

Kwa yule aliyenipigia simu, tulilazimika kuifuta ile rekodi tupu ya marejesho, kwa sababu ilikuwa imekwisha kumaliza kiasi chote kinachoweza kurejeshwa. Tuliirudisha oda kwenye "Completed", tukamwarifu mteja mapema kwamba angepata barua pepe ya oda kukamilika, kisha tukafanya marejesho upya kwa kitufe kinachotuma fedha.

Dhana: Inatosha kuandika kiasi cha pesa, stoo itajirekebisha.

WooCommerce hurudisha bidhaa stoo kwa kufuata idadi uliyojaza kwenye mstari wa bidhaa. Ukiandika Sh 1,350 kwenye nafasi ya jumla bila kujaza idadi, hakuna shati litakaloongezeka, hata kama alama ya "Restock refunded items" imewekwa. Marejesho yenye kiasi bila idadi yanafaa unapompunguzia mteja bei huku akibaki na bidhaa yake.

Dhana: Mteja hurudishiwa bei iliyoandikwa kwenye bidhaa.

Hurudishiwa alicholipia bidhaa hiyo. Katika mfano wetu, aliyerudisha Sh 1,500 amempa mteja Sh 150 ambazo duka halikuzipokea. Uache mfumo ujaze kiasi.

Dhana: Fomu ya mteja ikifika, urejeshaji umeanza, kwa hiyo bidhaa iongezwe stoo mara moja.

WooCommerce yenyewe haina fomu ya mteja ya kuomba kurudisha bidhaa. Iliyo kwenye tovuti yako umeiongeza kwa plagini au umeitengeneza. Fomu hiyo ni ombi, na haifai kugusa fedha wala stoo. Iulize namba ya oda, barua pepe iliyotumika kununua, bidhaa, idadi, sababu na picha. Ninasisitiza kwamba sababu iwe ya kuchagua kwenye orodha fupi, kwa kuwa "halikunitosha" na "limefika limechanika" ni safari mbili tofauti: la kwanza likishakaguliwa hurudi kuuzwa, la pili huondolewa alama ya "Restock refunded items" kabla ya kubonyeza kitufe cha marejesho. Duka lililoongeza bidhaa stoo siku ya fomu huuza kitu ambacho bado kiko nyumbani kwa mteja, na mnunuzi wa pili naye hulazimika kurudishiwa pesa.